Stempu Nitanunua Mimi

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Machakos. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaeleza watu mambo ambayo wakili alishawaeleza kwa haraka. Sikuchoka nayo. Mtu akielewa, hata namna anavyokaa kwenye kiti hubadilika.

Siku moja wakaja wawili: mchongaji vinyago wa Wamunyu, na mwalimu mstaafu aliyemuuzia ploti ndani ya mji. Mchongaji alikuwa amemaliza kulipa bei yote. Alitaka hati ya kumiliki isomeke jina lake, kwani mwalimu alikuwa mzee mwenye wana watano, na kila mmoja wao alikuwa na mipango yake juu ya ploti hiyo.

Walikuwa wamejiandikia mkataba hotelini. Kifungu cha mwisho kilisema: "Stempu atanunua muuzaji." Chini yake zilibandikwa stempu mbili za posta, zenye picha ya ndege, na sahihi zao zimepita juu yake. Siwacheki. Zamani risiti nyingi zilibandikwa stempu ndogo na kutiwa sahihi juu yake, na watu wakazoea kwamba karatasi bila stempu haina nguvu.

Nikawaeleza kwamba hati ya kuhamisha ardhi ina ushuru wake, nao pia unaitwa wa stempu. Mthamini wa serikali huikadiria ploti, na kwa ardhi ya mjini unalipa asilimia nne ya thamani hiyo. Ya mashambani, kama kule Kalama, ni mbili. Ukishalipa, hati hugongwa muhuri. Bila muhuri huo, msajili hata haifungui.

Mwalimu akavua miwani.

"Asilimia nne ya ploti?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nilinunua stempu. Ziko hapo. Hesabu."

"Mkataba unasema stempu ni zako," mchongaji akasema.

"Fundi, ungeniambia ni za bei ya ng'ombe, ningeandika neno hilo mimi?"

"Wewe ndiye mwalimu. Mimi nachonga twiga."

Mwalimu akapendekeza tuandike nusu ya bei. Nikamwambia mthamini hasomi bei tu. Anajua ploti za mtaa ule zinauzwaje, na ushuru utafuata makadirio yake. Akasema serikali haina imani na watu. Nikakubali kwamba katika jambo hilo haina.

Kisha mchongaji akaniuliza swali zuri: kwa kawaida, nani hulipa?

"Mnunuzi."

"Kwa nini? Aliyepokea pesa si ni yeye?"

"Mwalimu akitoka hapa sasa hivi, anakosa nini?"

Akafikiri. "Hakosi kitu. Pesa anazo."

"Na wewe?"

Akajiweka sawa kwenye kiti, nikajua ameelewa.

Nikaendelea, kwa kuwa alikuwa anasikiliza vizuri. Serikali ikitaka kodi ya mahindi unayouza sokoni, itakutafuta mpaka ichoke. Ya ardhi haitafuti mtu. Inakaa kwenye mlango wa masijala na kungoja, kwa sababu inajua utakuja mwenyewe, na karatasi zako, na picha zako mbili za pasipoti, na utaomba upokelewe. Kodi gani nyingine hubembelezwa na mlipaji? Kuhusu kile kifungu, unaweza kumdai mwalimu mahakamani, lakini msajili haangalii waliyoahidiana. Anaangalia muhuri. Na kesi ikiendelea, ploti inabaki kwa jina la mwalimu, na wale wana watano wapo.

"Na nikichelewa?"

"Kuna faini juu yake."

Mchongaji akasema atalipa. Vinyago vilivyokuwa vinamngoja mteja wa Nairobi atavitoa kwa bei ya chini. Nyumba aliyotaka kujenga pale itasubiri.

Mwalimu alikuwa ameangalia dirishani muda huo wote. Nadhani kuonekana mtu aliyevunja neno lake kulimuuma kuliko asilimia nne.

"Pale kwa ploti niko na matofali," akasema. "Rundo lile karibu na ua. Chukua yote."

"Ni ya stempu?"

"Ni ya kunyamaza."

"Nesa," mchongaji akasema, na kwa Kikamba neno hilo, yaani vyema, hufunga mazungumzo.

Kisha akanigeukia, kama mwanafunzi anayehakikisha. "Na haya matofali, yana ushuru wa kuhamisha?"

"Yana hati?"

"Hayana."

"Basi serikali haijui yapo."

Mwalimu akawa wa kwanza kucheka. Mchongaji akalipa benki, hati ya kuhamisha ikagongwa muhuri, na baada ya miezi kadhaa hati ya kumiliki ikatoka kwa jina lake. Siku aliyokuja kuichukua aliisoma akiwa amesimama, akaikunja ndani ya gazeti, akaniuliza wapi angepata fundi wa kumjengea msingi siku hiyo hiyo.