Mkalimani Aliyekula "Isipokuwa"

Katibu wa wazazi wa shule yetu ndiye hukalimani kanisani pia, na anajipenda. Mhubiri akivuta pumzi tu, yeye tayari ameruka na Kikamba, mkono juu, eti anangoja amina. Kungoja mhubiri amalize sentensi si kazi yake.

Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi walimpa maikrofoni. Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa Pwani, na sentensi zake ni ndefu. Alisema, "Wasichana wote wa kidato cha tatu watahamia bweni muhula ujao," akameza mate, "isipokuwa wale wanaotunza wagonjwa nyumbani." Katibu aliruka kwenye mate. Wote, bweni, muhula ujao. Wazazi wakapiga makofi, na "isipokuwa" ikazama humo pamoja na kila kilichoifuata. Hakurudi kuiokota.

Susu, nyanya yangu, hajui Kiswahili cha mikutano. Ana sukari na macho yake yameisha, kwa hivyo mimi, msichana wa kidato hicho cha tatu, ndiye humdunga sindano asubuhi na jioni. Tunaishi wawili tu, Kathiani. Alinishika goti akasema kwa Kikamba, "Basi enda. Nitajifunza kujidunga."

Angejifunzaje? Hata chumvi hupapasa.

Mwalimu mkuu akaendelea: "Na simaanishi wagonjwa wa kitandani tu, hata wa sukari." Lile jamaa likasema kwa Kikamba kwamba mwalimu hamaanishi wagonjwa wa kitandani. Basi, akanyamaza, akatabasamu. Kisha mwalimu akasema kwamba ingawa bweni lina nafasi, ni nadra shule kumkatalia mzazi mwenye sababu, bora asimame leo kabla ya chai. Katibu akatafsiri kwamba bweni lina nafasi na shule humkatalia mzazi, kwa hivyo karibuni chai. Sidhani "nadra" aliwahi kukutana nayo.

Watu wakaanza kuinuka. Mimi siongeagi mbele ya watu. Darasani nikiulizwa swali najifanya nakohoa. Lakini nilisimama nikasema kwa Kikamba kwamba haikuwa wote, wanaotunza wagonjwa wanabaki, na sukari imo.

Katibu alicheka kwenye maikrofoni. "Kaa chini, mtoto. Ni neno moja limepita."

"Limepita na susu wangu," nikamwambia.

Mwalimu mkuu akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiswahili. Akasema, "Wewe unabaki nyumbani," kisha akaniomba nirudie yote kwa Kikamba, polepole, mpaka mwisho. Nilirudia. Susu akasimama. Nyuma yake akasimama mama mmoja, halafu baba mwenye mkongojo, halafu wengine ambao tayari walikuwa mlangoni.

Katibu alikunywa chai akiwaeleza watu kwamba maikrofoni ilikuwa mbovu. Jioni nilimdunga susu kama kawaida, akaniuliza kama kidole chake kitaruhusiwa kupumzika sasa, maana alikuwa ameanza kujizoesha kubonyeza sindano, akitumia kijiko.