Kabla ya Kofi

Kadija binti Hamdun wa Wiyoni alikuwa mpiga video wa harusi, tena za upande wa wanawake peke yake. Kazi hiyo haitaki kamera nzuri kwanza; inataka amana. Bibi harusi amekaa kichwa wazi, mashangazi wanacheza ngoma ya vugo, na kila mmoja ana yakini kwamba picha haitavuka mlango. Miaka yote hiyo haikuvuka hata moja. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini, na ndilo lililomlisha.

Shukri, kijana wa mtaa wa pili mwenye maneno mengi, alipomwomba waanzishe podikasti ya video kuhusu mambo ya Lamu, Kadija alikubali kwa sharti moja: uso wake hauonekani. Angevaa nikabu yake na kuzungumza. Shukri akaapa.

Vyombo alivipanga Kadija mwenyewe, sebuleni kwa shangazi yake Fahima, aliyekaa mlangoni akisuka ukili ili wawili wale wasiwe faraghani. Simu mbili juu ya vigoda vya miguu mitatu, moja ikimtazama Shukri na moja ikimtazama yeye. Maiki ndogo ya kubana kifuani, kila mtu na yake, na kila sauti ikaingia njia yake kwenye kinasa, ili mmoja akikohoa asiharibu maneno ya mwenzake. Simu zikiwashwa, Kadija hupiga kofi moja kubwa. Kofi hilo husikika kwenye simu zote mbili na kwenye kinasa, na kwalo picha na sauti hulinganishwa. Kilicho kabla ya kofi hukatwa.

Ukataji nao ulikuwa rahisi: aonekane anayesema. Mara mojamoja aonyeshwe anayesikiliza, hasa pale maneno yaliyokwama yameondolewa na picha ya msemaji ingeruka. Kadija alimfundisha Shukri hayo yote, akamwachia kukata.

Siku hiyo simu zilikuwa zimeshawashwa punda alipoanza kulia chini ya dirisha. Shukri akatoka kumfukuza. Kadija akainua nikabu, akanywa maji, akacheka na Fahima. Kisha akajifunika, Shukri akarudi, kofi likapigwa.

Kipindi kikapandishwa mtandaoni. Kabla jua halijapanda vizuri, Bi Rahima, mama wa binti aliyekuwa karibu kuolewa na ambaye harusi yake angeipiga Kadija, akabisha hodi.

"Sikuya kugomba, mwanangu," akasema. "Lakini nimekuona kwa mato yangu, uso wazi, wacheka, kwenye simu ya mume wangu. Kama wako umetoka, wa mwanangu utasalia ndani?"

Kadija alimwona mama wa watu akienda zake na harusi yake, na alijua nyumba nyingine zingefuata.

Akamshika Fahima mkono, wakaenda kwa Shukri.

"Nishaifuta, Bi Kadija," Shukri akasema upesi. "Ilikuwa bahati mbaya tu. Nilitaka klipu ya kusikiliza nifunike mkato, nikachomoa ya karibu."

"Fungua kazi uliyokata."

Akafungua. Kadija akatazama ule mstari wa vipande vya picha kwenye skrini. Vipande vyote vilianzia kwenye kofi, kama alivyomfundisha. Baada ya kofi kulikuwa na Kadija tele, kafunikwa, anaitikia kwa kichwa, anasikiliza. Picha nyingi za kuchagua. Kile kipande cha kicheko kilikuwa peke yake, kimeletwa upya kutoka kwenye faili nzima.

"Hiki hukuchomoa, ulikifuata," akasema. "Ulirudi ukakitafuta."

Shukri akakuna shingo. "Sasa... watu walikuwa wanauliza unafanana vipi. Na watazamaji waliongezeka, wallahi. Halafu ulipendeza."

Jamani! Mtu akuibie, kisha akusifie kwamba ulichoibiwa kilikuwa kizuri!

"Utakuja kwa shangazi," Kadija akasema, "utasema hayo hayo mbele ya kamera, kwa kinywa chako. Ama nitawaambia wenye harusi mimi, na mamako atayasikia kwangu."

Wakakaa tena sebuleni, kamera mbili, maiki mbili. Kadija akapiga kofi. Akauliza swali moja tu: "Ile picha ilitokaje?"

Shukri akaanza, akakwama. Akameza mate. Akasema bahati mbaya, akamtazama Fahima, akasema la, haikuwa bahati mbaya. "Nilirudi nikaitafuta," akasema, na macho yakamshuka.

Safari hii alikata Kadija. Alikuwa na picha nzuri ya nikabu yake akisikiliza, ya kufunikia kila kigugumizi, kila funda la mate lililomezwa. Hakuitumia hata mara moja. Alimwacha Shukri kwenye kioo cha simu, uso mtupu, mwanzo hadi mwisho, kisha akampelekea Bi Rahima video hiyo.