Tumbo la Mke Wangu na Wagomvi Wawili

Mke wangu alianza kulalamika kwamba akila tu, moto unawaka chini ya kifua. Mdogo wake wa kiume, mwenye duka la dawa Buguruni, alimtoa damu kidoleni, akasoma kikaratasi cha kipimo na kutangaza kwamba ni bakteria wa vidonda vya tumbo. Akampa dozi ya wiki mbili. Mwezi uliofuata akampima tena, kikaratasi kikasema vilevile, akampa dozi ya pili.

Mimi ni fundi friji. Sijasoma udaktari, ila nimejizoeza kusoma kitu mpaka nikielewe. Nilisoma kwamba kiungulia ni asidi inayopanda kutoka tumboni kwenda kwenye umio, hasa mtu akilala au akiinama. Mke wangu hushinda ameinama kwenye cherehani, na hucheua. Nikaamua: ni asidi inayopanda. Nikainua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali mawili, nikafungua daftari lenye safu nne: saa ya kula, chakula, maumivu yalipoanza, yalipoishia.

Shemeji alipoliona daftari alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tumbo la dada yangu siyo friji, shemeji. Hujazi gesi hapa."

"Na wewe unaua bakteria wale wale mara mbili?"

"Kipimo hakidanganyi."

"Kipimo hakidanganyi, ila msomaji anaweza kuwa mjinga."

Tangu siku hiyo hakunipa mkono. Alikuja kwangu kama mtu anayekagua mali yake, akampa dada yake kifuko cha vidonge, akaondoka bila kuniaga. Mimi nilimwambia mke wangu vidonge hivyo avitupe. Hakuvitupa, wala hakuniambia kwamba anaendelea kuvimeza.

Wiki ya sita ya daftari langu alikuwa akipanda ngazi mbili za kibaraza, akashika nguzo na kuketi chini. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilimuuliza amekula nini.

"Sijala. Na usiandike!"

Kisha, akiwa amefumba macho, akasema kwamba kwa siku tatu choo chake kilikuwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya.

"Siku tatu? Mbona hukusema?"

"Nikisema kwako unaleta kalamu. Nikisema kwa mdogo wangu analeta vidonge. Nyie mnagombania tumbo langu kama shamba la marehemu."

Nilimkimbiza hospitali, na shemeji akafika kabla daktari hajamaliza kumsikiliza mke wangu. Daktari alikuwa dada mdogo kiumri kuliko sisi sote wawili, lakini hakutuangalia usoni. Alimuuliza mgonjwa: anatumia dawa gani za maumivu?

"Za mgongo," mke wangu akasema. "Diklofenaki. Kila siku, kwa sababu ya cherehani. Ananipa mdogo wangu."

Shemeji akaangalia dirishani. Mimi nikafungua daftari langu, kurasa thelathini na kitu, nikatafuta kidonge hata kimoja. Hakikuwamo. Nilikuwa nimeandika ugali, dagaa, chungwa na hata chai ya mkandaa, lakini kidonge cha mgongo sikukihesabu, kwa kuwa si chakula.

"Wote wawili mmemlisha," daktari akasema, "mmoja dawa, mwingine nadharia."

Walimtundikia dripu na kumchoma sindano ya kupunguza asidi. Kamera ilipoingia tumboni ilionyesha kidonda kimoja kirefu kwenye ukuta wa tumbo, na kando yake utando uliovimba na kuwa mwekundu. Umio wake ulikuwa salama. Daktari alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Utando uliovimba ni mchubuko wa juu juu. Kidonda kimechimba zaidi, kinaweza kutoa damu, ile inayotia choo weusi, au kutoboa tumbo. Asidi inayopanda huumiza sehemu nyingine, juu ya tumbo. Maumivu ya yote matatu hufanana kiasi kwamba kuyasikiliza peke yake hakutoshi. Akasema amekata vipande vidogo vya utando vikapimwe, akamwonya mgonjwa asiguse tena diklofenaki, kwani ndiyo iliyochimba kidonda.

"Na kipimo changu?" shemeji akauliza.

"Damu inaweza kuonyesha kinga kwa muda mrefu hata bakteria wakishakufa. Ulitibu kikaratasi."

Nilifurahi kusikia hivyo, na furaha hiyo haikunipa heshima yoyote. Shemeji akanigeukia. "Wewe na matofali yako."

"Watoke," mke wangu akasema kutoka kitandani. Hakupandisha sauti. "Wote wawili. Nitaongea na daktari."

Tukatoka, tukasimama kwenye ukumbi kila mmoja na ukuta wake.

Kidonda kimeshapona, kamera ya pili ilithibitisha. Dawa zake anazifungia kwenye sanduku la cherehani, na ufunguo anatembea nao. Nikimuuliza tumbo linaendaje, hunijibu: "Muulize daktari wangu." Na daktari, nilipomuuliza, alisema hana ruhusa ya kuniambia.