Jina la Emérence kwenye toroli

Jirani yangu Emérence aliuza mbuzi wake, fundi wa Butembo akamutengenezea toroli ya kuuzia chakula. Mjini hapakuwa na umeme, donc alipika na makala ya kuni, maji akabeba mu bidoni. Supu ya maharage ilimwagika kwenye mashimo ya barabara. Akabaki na viazi vya kukaanga na samaki mukavu wa Kyavinyonge. Bureau ya waasi benye kutawala mji ikamupa patente, ruhusa ya kuuza, lakini ikaamuru jina lake liandikwe ubavuni kwa rangi.

Mapigano yakaja. Askari ba waasi bakanyang'anya toroli, bakabebea maiti mbele ya soko zima, bakairudisha.

Emérence aliisugua na majivu, akakaanga tena. Batu balisoma jina, bakapita mbali. Kulifuta, bureau ilikataza.

Jioni bakaja kula bale askari tu. Baliomba chumvi.