Ameogeshwa

Nakumbuka kata ikigonga ndoo, nyuma ya sauti ya binamu yangu Swabir katika ujumbe wa sauti. Yeye na nduguze walinipa simu nisome kundi lao la WhatsApp, niamue nani anafanya nini kwa mama yao aliyepooza, huko Msambweni. Twahir hulipia dawa za presha, Nusra hununua nepi Ukunda. Kila mmoja hushukuriwa kwa jina. Swabir, anayekaa na mama, huandika: ameogeshwa, amelishwa, amegeuzwa. "Wewe mchango wako ni taarifa ya habari?" Nusra alimchokoza. Hakuna aliyeuliza ameogeshwa na nani. Niliposikiliza tena ule ujumbe wa sauti, kata iliponyamaza, mwanamke alisema, "Bismillahi, mama, tugeukie dirishani." Ni mke wa Swabir, na kundini hayumo.

Nilipokwenda kwao nilimkuta akipaka visigino vya mgonjwa mafuta ya nazi, akivigusa kwa mgongo wa kiganja kutafuta joto la kidonda kinachoanza, kama afanyavyo kila amgeuzapo. Nikamwambia nitaomba aingizwe kundini. Akanyoosha shuka iliyokwisha kunyooka.

"Usiwaambie nadai, shemeji," akasema polepole. "Waambie tu mgongo waniuma."