Kadi Iliyokataa Kusema

Kwetu mtu mzima haalikwi kwa karatasi. Anaambiwa kwa mdomo, tena na mwenye harusi mwenyewe. Nilijua hivyo, ila wiki zile steshenari yangu pale Mbinga mjini ilijaa watu. Kahawa imeuzwa, pesa ipo, kila mtu anaoa, mimi mwenyewe nikiwamo, na kadi zote natengeneza mimi.

Shangazi aliyenilea yuko Lundo, chini ziwani. Nikajiona mjanja. Kwenye kadi ya harusi yangu, ya PDF, nikaweka sauti yangu humohumo ndani, na juu yake picha ya spika ya kubonyeza. Kwenye kompyuta yangu nikaifungua kwa Acrobat Reader. Ikauliza kama naliamini faili, nikakubali, nikabonyeza: "Shikamoo shangazi, naoa, nakuomba uje." Nikacheka peke yangu kwa raha, nikaituma WhatsApp.

Jioni akanipigia.

"Umenitumia karatasi?"

"Shangazi, bonyeza spika."

"Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Mimi sijaalikwa. Siji."

Akakata. Harusi bila yeye ningeifanyaje?

Nikaijaribu kadi kwenye simu yangu: picha ya spika, kimya. Nikaweka Acrobat ya simu, kimya vilevile. Kwenye kompyuta nikaifungua kwa Chrome: kimya. Sauti ilikuwamo kweli, na ndiyo maana faili lilikuwa zito, ila ilitaka Reader ya kompyuta. Nami nilikuwa nimejaribu palepale tu ilipokubali! Nikamtumia sauti peke yake, faili la MP3. Hakujibu. Simu hakupokea.

Keshokutwa yake nimeinamia printa, nikasikia harufu ya usipa, dagaa wa kule ziwani. Shangazi amesimama mlangoni na mfuko wake, vumbi la njia nzima limemkaa kwenye kitenge.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Iko wapi hiyo karatasi inayosema?"

Wateja wakasogea kuangalia. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikabonyeza. Sauti yangu ikamwamkia, ikamwomba aje. Akasikiliza ameinamisha kichwa, akaniomba nirudie. Mara ya pili akaijibu kabisa, "Marahaba, mwanangu," na duka zima likaangua kicheko, naye akiwamo.

"Inasema vizuri," akasema. "Na ile ya simu niliisikia pia."

"Sasa mbona hukujibu?"

"Nimjibu nani? Simu ndiyo inaoa?"

Akavuta stuli ya wateja, akakaa, akatengeneza kitenge magotini.

"Haya. Niambie."

Nilipiga magoti kwenye vipande vya karatasi mbele ya wateja wangu. Maneno niliyoyarekodi bila kukwama hata mara moja yakanigomea, nikayaanza upya mara mbili. Nilifika kwenye "nakuomba" tu. Kabla sijamaliza akapiga kigelegele.