Slaidi ya Pili na Godoro la Mama

Nilipewa kazi ya kutengeneza posti ya Instagram ya kutangaza app ya kuweka akiba. Mteja alitaka slaidi saba za kutelezesha: ya kwanza imshike mtu asipite, za katikati zifundishe tabia za kuweka akiba, ya mwisho imwambie aipakue app. Nikaikalia chumbani kwangu Iyunga. Slaidi ya pili nikaandika kauli ambayo watu huiamini, "Chini ya godoro hela iko salama." Ya tatu ikaivunja: panya, moto, wezi, na mkono wako mwenyewe.

Picha ya slaidi ya pili nilikuwa nimeipiga nyumbani Iringa, kona ya kitanda cha mama. Nilipenda tu maua aliyodarizi kwenye shuka.

Siku chache baada ya posti kutoka, mama alipiga simu. Hata salamu hakutoa.

"Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Ninapoweka hela zangu."

Sikuwahi kujua.

Kumbe mtu akiipita posti ya namna ile bila kutelezesha, Instagram inaweza kumrudishia ikianzia slaidi ya pili. Kuna aliyeiona hiyo peke yake, bila ya tatu ya kuikanusha, akaipiga picha ya skrini, ikazunguka WhatsApp hadi kwenye kundi la kwaya ya kanisani kwetu. Akina mama walilitambua shuka; mama ndiye aliyewafundisha kudarizi. Utani wa hela chini ya godoro la mama ukamfikia baba, naye akaenda kuinua godoro.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Angekasirika ningejua la kufanya. Amekaa tu na hela mapajani."

Kesho yake nilipanda basi la Iringa. Nikawakuta sebuleni, kila mmoja na kiti chake, chai imepoa.

"Miaka yote nyumba mpya imekwama kwenye lenta, haijaezekwa," baba akaniambia, kana kwamba mama hayupo. "Nikawa nasema hatuna uwezo. Mwenzangu anaweka hela ya bati."

"Ningekwambia, ungezinunulia pikipiki nyingine, kama zile za mwanzo," mama akasema.

Baba akazichukua zile hela, akamrudishia mama mkononi. Niliona aibu kuwa pale, na picha ilikuwa yangu.

Nilimwomba mama msamaha. Jioni ile nikaifuta posti, nikaitengeneza upya: godoro la kuchora, neno UONGO kwa rangi nyekundu juu ya kauli, na kila slaidi ikijitosheleza hata ikionekana peke yake. Mteja alinung'unikia likes zilizopotea, lakini akaipitisha.

Jumamosi wazazi wangu walienda kununua bati. Baba alitangulia na futi yake ya kupimia. Mama alifuata nyuma, mkoba kwapani, na hakuufungua mpaka muuza duka alipomaliza kuhesabu bati zote.